Ekstra hawajafika, fomu haieleweki: kutafuta tatizo kwenye kol shiti na fomu za ridhaa za shuti ya mtaani

Hapa naongelea ekstra wa mtaani kabisa, yaani mama ntilie, kijana wa bodaboda, machinga, mzee anayekaa kibarazani, watu ambao kol shiti, ile karatasi ya kuita watu kwenye shuti inayosema nani afike wapi na saa ngapi, hawajawahi kuiona maishani na wamekubali kuja kwasababu mmewaomba na kuna posho. Kazi yangu ni kuwashika hawa watu kwenye shuti za Dar, kuwaita, kuwaandikisha, kuwapanga na kuwalipa, na karibu kila siku iliyoharibika mikononi mwangu nikirudi nyuma kutafuta chanzo naikuta ni karatasi. Karatasi iliandikwa kwa ajili ya kruu alafu ikapewa mtu ambaye sio kruu.

Nitatumia shuti moja kama mfano mpaka mwisho. Sini ya genge la nyanya na vitunguu, mtaa wa nyuma kule Ilala, unashukia Karume unatembea kidogo. Tulitaka watu 18 kwenye frimu, tukaita 22 kwasababu kwa watu wa aina hii lazima wachache wasifike, na kamera ilitakiwa ianze kuzunguka saa 2 asubuhi kabla jua halijawa kali.

DALILI: saa 1 asubuhi wapo watu sita tu, wengine hawapokei simu, alafu ikifika mchana wanaanza kumiminika

Usianze na "mbona umechelewa". Muulize hivi: "ulisoma uje saa ngapi?" Jibu lake ndo linakuonyesha tatizo liko wapi. Akikwambia "si mmeandika saa sita na nusu", basi umepata chanzo, ni saa. Programu nyingi za kutengeneza kol shiti zinatoa muda kwa mtindo wa saa 24, inatoka 06:30, wewe na kruu mnaisoma vizuri tu, ila mtu wa mtaani akiona 06:30 anasoma sita na nusu, na sita na nusu kwake ni mchana. 7:00 ni saa saba, anakuja ameshakula chakula cha mchana na anashangaa mbona mmekasirika. Hajakosea hata kidogo, amesoma saa ya Kiswahili kama tunavyoisoma wote tukiwa nyumbani.

Kuna njia rahisi ya kutofautisha. Waliochelewa kwa masaa sita hivi ni tatizo la saa. Wanaochelewa nusu saa au lisaa, mmoja mmoja, huyo ni usafiri, daladala za alfajiri zinajaa na wengine wanatoka mbali. Na wanaopiga simu wanasema "mimi nipo hapa siwaoni", hilo ni tatizo la sehemu ya kukutania, ntalifikia.

Kwa hiyo kwenye kol shiti kubwa ya kruu andika zote mbili kwenye mstari mmoja, saa 12:30 asubuhi na pembeni 06:30, maana kwenye kruu unaweza kuwa na mtu wa kamera kutoka nje anayesoma ya pili. Ila ya ekstra iwe ni moja tu, na iandikwe kama inavyotamkwa: saa 12 na nusu asubuhi. Usimchanganye kwa kumpa namba mbili.

Shuti za usiku ndo hatari zaidi. Ukiandika "Ijumaa usiku saa 7" hujui atakuja lini. Kwa kalenda ya simu saa 7 usiku hiyo ni tarehe ya Ijumaa yenyewe, lisaa limoja baada ya Alhamisi kuisha, lakini kwa mazungumzo ya kawaida wengi wataelewa ni Ijumaa jioni ikiendelea mpaka usiku mkubwa, na kwa wazee wengi wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi magharibi, maana siku mpya inaingia jua likizama. Watu watatu, wanaelewa vitu viwili tofauti. Andika "usiku wa kuamkia Jumamosi" na hakuna atakayekosea, kisha weka tarehe zote mbili.

Sasa sehemu. Pini ya ramani haisaidii sana kwa mtu mwenye kitochi, na hata mwenye simu kubwa mara nyingi bando hana asubuhi hiyo. Na kosa ninaloliona sana ni kuandika lokesheni ya kamera kama ndo sehemu ya kukutania. Sisi siku ile mtaa wenyewe ulikuwa umezibwa na gari letu la taa, mtu akija anaona gari na watu wasiomjua, anaona aibu kuuliza, anakaa ng'ambo ya barabara anasubiri aitwe. Weka sehemu ya kukutania ambayo mtaa mzima unaijua, kwetu ilikuwa mashine ya kusaga, na weka mtu mmoja pale mwenye daftari na fulana ya rangi moja ambayo umeitaja kwenye ujumbe.

Ujumbe wenyewe usiwe pidiefu ya kurasa tatu. Ekstra hana haja ya kujua lenzi, hali ya hewa wala hospitali ya karibu iko wapi, hayo yabaki kwa kruu. Yeye anahitaji mistari mitano, mwenye Wasap mtumie kama picha na voisi yako ukimsomea, mwenye kitochi mtumie meseji moja isiyozidi herufi 160 ili isikatike vipande viwili vikafika kimoja. Yetu ilikuwa hivi: "SHUTI KESHO Jumatano. Fika SAA 12 NA NUSU ASUBUHI mashine ya kusaga, muone dada wa fulana njano. Vaa nguo za kila siku si nyeupe. Namba yako 7. Jibu NIPO." Hilo neno NIPO ndo linakupa hesabu. Ikifika saa 3 usiku ambaye hajajibu unampigia, na asipopokea unahesabu hayupo na unaita wa akiba, husubiri mpaka asubuhi.

DALILI: watu wamefika kwa wakati kabisa lakini saa 2 imefika bado mko kwenye meza ya kuandikisha na dairekta anapiga kelele

Hapa chanzo ni kuwaita wote 22 kwa wakati mmoja kama jeshi. Fanya hesabu. Fomu ya ridhaa ukimsomea mtu, akauliza swali, akaandika jina, mkampiga picha, inachukua kama dakika tano. Watu 22 mara dakika tano ni dakika 110, karibu masaa mawili, kwa mwandikishaji mmoja. Kwahiyo ukiwaita saa 12:30 kwa meza moja, wa mwisho anamaliza saa 2 na dakika 20, na kamera imeshatakiwa kuzunguka.

Tulichofanya ni meza mbili na makundi mawili. Namba 1 mpaka 11 saa 12:30, namba 12 mpaka 22 saa 1 kamili. Kila kundi linamaliza ndani ya nusu saa, saa 1:30 wote wameshasaini, mnabaki na nusu saa ya chai, kukagua nguo na kuwapanga. Ukikosa mtu wa meza ya pili basi sogeza muda wa kuita, na kama muda wa kuita unaingia gizani ambapo akina mama hawawezi kutoka nyumbani peke yao, basi waandikishe jana yake jioni. Mimi siku hizi napenda jana yake, mtu anasoma fomu akiwa hana haraka na anaweza kuuliza watu wa nyumbani.

Nguo nisiikalie sana: ukimwambia "njoo kawaida" atakuja amependeza, kwasababu anakuja kwenye filamu. Mtumie picha ya mfano, na sema rangi usiyoitaka na fulana zenye nembo kubwa ya kampuni.

DALILI: umeanza na ekstra 18, saa 5 wamebaki 13

Hawajakukimbia. Ana genge lake, ana mtoto anatoka shule, ana swala ya adhuhuri, na kol shiti haikumwambia anaondoka saa ngapi. Tunaandika muda wa kufika tu alafu tunaacha muda wa kumaliza kwasababu wenyewe hatuujui. Uandike, na ongeza lisaa zaidi ya unavyodhani, na useme chakula kinakuja saa ngapi na hela inatoka lini na kwa njia gani. Kama ni Ijumaa usipange shoti za watu wengi kati ya saa 6 na saa 8 mchana, mtaa wenyewe utakuwa umehamia msikitini.

Alafu kwenye orodha yako weka alama kwa wale wachache ambao hawaruhusiwi kuondoka kabisa. Yule mama aliyekuwa anapima nyanya kwenye shoti ya kwanza lazima awepo kwenye shoti ya tisa, kontinyuiti inamdai. Kwetu walikuwa wanne, tukawaambia mapema na posho yao ilikuwa kubwa kidogo. Wengine 14 wakitoka mmoja mmoja unaweza kupanga upya, hawa wanne hapana.

DALILI: fomu mnayo, saini ipo, lakini hamjui ni ya nani

Hii iliniumiza na sijaisahau. Shuti ya zamani kidogo, sio hii ya Ilala. Baada ya miezi kama minane mnunuzi mmoja wa filamu akataka fomu ya ridhaa ya kila mtu anayetambulika sura, na akataja mwanamke mmoja anayekaa karibu na kamera kwa sekunde nne. Nikafungua faili. Nikakuta fomu mbili zimeandikwa "Mama Zuu", saini moja ni mstari, nyingine ni herufi Z, namba ya simu moja haipatikani na nyingine imepokelewa na mwanaume ambaye hamjui Mama Zuu yeyote. Nilirudi mtaani mara mbili. Hatukumpata, na ile shoti ikatolewa, na ilikuwa ndo shoti nzuri kuliko zote kwenye sini.

Chanzo ni kwamba fomu haikuwa na kitu chochote kinachoiunganisha na sura. Dawa ni ile namba uliyompa kwenye meseji. Namba 7 iko kwenye orodha ya wito, iko kwenye kona ya juu ya fomu, iko kwenye karatasi ya malipo, na yeye mwenyewe anapigwa picha ameshika karatasi kubwa imeandikwa 7, akiwa tayari amevaa nguo za kwenye sini. Nguo ni muhimu kuliko unavyodhani, kwasababu mhariri miezi sita baadae anamtambua mtu kwa khanga kabla hajamtambua kwa sura. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, na la mtaani liwekwe pembeni. Na uliza namba ya simu imesajiliwa kwa jina la nani, wengi wanatumia laini ya mume, ya dada, ya mtoto.

DALILI: mtu amesaini, amelipwa, na baadae anakuja analalamika "mimi nilisaini hela, sikusaini sura yangu"

Na mara nyingi anasema kweli. Angalia fomu zenu. Kama sahihi ni moja tu, chini kabisa, baada ya mstari unaosema amepokea kiasi fulani, na imesainiwa jioni kwenye foleni ya malipo, yule mtu alielewa ni risiti. Mtu aliyekaa juani masaa matano hawezi kukataa kusaini akiona noti zimeshikwa upande wa pili, na ridhaa ya namna hiyo hata mimi nikiwa upande wenu siitetei.

Tenganisha. Fomu ya ridhaa isainiwe asubuhi, kabla kamera haijawashwa, ikiwa imesomwa kwa sauti. Karatasi ya malipo isainiwe jioni, peke yake. Na fomu iwe ya Kiswahili. Kama mnunuzi wa nje anataka ya kwake, zichapeni lugha mbili kwenye ukurasa mmoja, lakini anayosaini mtu iwe ile anayoielewa. Maneno tunayotumia sisi sio mengi:

"Mimi ______, namba ya ekstra ___, nakubali kurekodiwa sura na sauti yangu leo tarehe ___ sehemu ya ______ kwa ajili ya filamu iitwayo ______ inayotengenezwa na ______. Nakubali picha hizo zitumike kwenye filamu hii, kwenye trela na kwenye mabango na matangazo ya filamu hii tu, ndani na nje ya Tanzania, kwenye sinema, televisheni na mtandaoni, bila kikomo cha muda. Naelewa wanaweza kukata, kuhariri au kutotumia kabisa sehemu yangu. Hazitatumika kutangaza bidhaa nyingine bila kuniuliza tena. Nitalipwa shilingi ______ kwa siku, leo leo. Nimesomewa fomu hii na nimeielewa. Nikiwa na swali nipige namba ______."

Hilo neno "hii tu" na huo mstari wa bidhaa nyingine msiutoe. Ugomvi mkubwa niliousikia mtaani haukuhusu filamu yenyewe, ulihusu mtu aliyekubali filamu akakuta uso wake kwenye tangazo la kitu kingine. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba, na shahidi anasaini pembeni, ila shahidi awe mtu wake, jirani au ndugu, asiwe mfanyakazi wenu.

Mtoto chini ya miaka 18 haweki sahihi yake ikahesabika. Anayesaini ni mzazi au mlezi wa kisheria, na hapa tunakosea sana kwasababu mtoto wa mtaani kwetu anakuja na shangazi, na bibi, na jirani anayeitwa mama mdogo. Wote wanampenda, ila sio wote wanaweza kumsainia. Mpigie mzazi simu jana yake, fomu impate yeye, na siku ya shuti mtu mzima mmoja akae na huyo mtoto muda wote. Sisi Ilala tulikuwa na watoto wawili, wa pili mama yake alikuwa safari, tukamwacha nje ya frimu ingawa alikuwa ameshajiandaa. Iliniuma, lakini ndo hivyo.

DALILI: kwenye monita unaona sura ambayo haipo kwenye orodha

Mtaa hauzibiki. Weka tangazo kubwa la Kiswahili kila mwisho wa mtaa, kwamba hapa panarekodiwa filamu leo kuanzia saa fulani mpaka saa fulani, asiyetaka kuonekana apite njia fulani au amwambie mtu wa fulana njano, na tangazo lenyewe mlipige picha likiwa limebandikwa, saa na tarehe vionekane. Hilo linasaidia kwa mpita njia aliye mbali na hatambuliki. Halitoshi kwa mtu aliyesimama karibu na kamera, au aliyeongea, au aliyerudi mara ya pili kuangalia. Huyo anafuatwa na fomu hapo hapo kabla hajapotea, na akikataa anaandikwa kwenye daftari pamoja na namba ya teki, ili mhariri ajue. Mwenye genge na mwenye ukuta wana fomu yao tofauti ya eneo, na redio ya jirani izimwe, maana muziki unaosikika nyuma una mwenyewe.

Kibali cha Bodi ya Filamu na barua ya serikali ya mtaa viwe kopi tatu kwa watu watatu, na kol shiti iseme nani anazo. Kikija chombo cha usalama kuuliza na kopi pekee iko kwenye gari lililokwenda kuchukua chakula, mnasimama.

DALILI: ekstra anapigiwa simu na watu asiowajua

Mtu wenu alipiga picha orodha yenye majina na namba akaitupia kwenye grupu la Wasap lenye watu 60. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na hizo fomu zimejaa taarifa binafsi. Orodha inayozunguka iwe na namba ya ekstra na jina la kwanza tu. Ile yenye simu na vitambulisho ibaki kwa mtu mmoja.

Jioni ile Ilala, kabla ya kuzima jenereta, tulihesabu picha na fomu. Waliofika walikuwa 20. Picha 20, fomu 19. Iliyokosekana ni namba 14, kijana wa vitunguu, aliyefika akapigwa picha alafu akaitwa kusaidia kubeba meza kabla hajasomewa. Tulikuwa hatujamlipa bado. Nikamkuta kwenye genge lake halisi, mita kama mia kutoka pale, nikamsomea fomu yote huku anapanga mafungu, akaniuliza kama itaonekana na kule Kigoma kwao, nikamwambia ikienda mtandaoni itaonekana. Akasaini, na nikaandika saa halisi aliyosaini, saa 10 na robo jioni, sikuandika ya asubuhi.